Methadoni na dawa za TB: kwa nini dozi ya asubuhi haifiki usiku

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, anakunywa methadoni ya kuacha heroini mwaka wa tatu sasa. Dozi yake ni 90 na alikuwa ametulia kabisa, anaendesha bodaboda yake. Mwezi uliopita alikutwa na TB ya mapafu akaanzishiwa vidonge. Wiki ya pili tu ikawa kila jioni anashikwa na arosto: miayo, jasho, mifupa inamuuma, halali. Anasema kituoni wanachakachua dawa, wanaongeza maji. Wiki hii hajaenda siku nne mfululizo, na jana nimekuta kete ya heroini mfukoni mwa suruali yake. Nataka kesho nimpeleke mwenyewe akanywe 90 yake. Je, aache kwanza dawa za TB mpaka atulie? Na shemeji yangu wa Mombasa anasema kuna dawa nyingine, buprenofini, haina matatizo haya. Ni kweli?" — Dada mtu, Dar es Salaam

Marahaba dada yangu, ingawa mimi ni mfamasia, si daktari. Mpeleke kesho, tena asubuhi na mapema, ila msiende mkitegemea atakunywa 90. Dozi aliyokuwa anaibeba bila shida mwezi uliopita inaweza kumuua kesho, na mfamasia wa zamu akikataa kumpa yote, msigombane naye. Vidonge vya TB asiache hata siku moja. Na dawa haijachakachuliwa. Kuna kitu kweli kinampunguzia methadoni yake, lakini kiko ndani ya vidonge vya TB, na kazi hiyo inafanyika kwenye ini lake mwenyewe.

Hilo la maji nilimalize haraka, kwa sababu kila kituo kina uvumi wake wa namna hii. Methadoni ya vituoni ni ya maji, na hupimwa kwa miligramu. Kama chupa ina nguvu ya miligramu 5 kwa kila mililita, basi 90 yake ni mililita 18. Wakimwongezea maji au juisi ili ishuke vizuri kooni, kikombe kinajaa zaidi lakini miligramu ni zilezile 90. Mdogo wako hakosei anaposema dawa haimtoshi. Amekosea tu kumtafuta mchawi wake dirishani.

Mchawi mwenyewe anaitwa rifampisini. Ni moja ya dawa nne zilizomo kwenye vile vidonge vya mchanganyiko anavyomeza kila siku, na ndiyo inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Rifampisini huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine mwilini, na methadoni ni miongoni mwa dawa zinazoumizwa zaidi na jambo hilo. Vimeng'enya haviongezeki kwa siku moja. Huchukua siku kadhaa kuanza kupanda na hufikia kilele baada ya wiki moja hadi mbili, na hiyo ndiyo sababu wiki ya kwanza ya vidonge alikuwa salama, ya pili akaanza kuteseka. Kiasi cha methadoni kwenye damu kinaweza kushuka kwa theluthi moja, na kwa wengine hata theluthi mbili.

Tuchukue 90 yake tuipigie hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo itakusaidia kuongea na kituo. Miili inatofautiana sana, kwa hiyo chukua tarakimu hizi kama mfano. Tuseme kabla ya TB mwili wake ulikuwa unatoa nusu ya methadoni kila baada ya saa 24. Mtu anayekunywa 90 kila siku kwa mtindo huo hufika mahali ambapo kila asubuhi, kabla hajakunywa, bado ana kama 90 za jana na juzi mwilini. Akinywa, anapanda hadi 180, kisha anashuka taratibu hadi 90 kesho yake. Hapati nishai, hapati arosto, na hicho ndicho tunachokitafuta. Sasa ini limeamka na nusu inatoka kila saa 12. Kwa dozi ileile ya 90, asubuhi anaamka na 30 tu mwilini, na akinywa anafika 120. Kileleni amepungukiwa theluthi moja, lakini chini kabisa, zile saa za usiku kuelekea alfajiri, amepungukiwa theluthi mbili. Ndiyo maana mchana yuko sawa, anabeba abiria wake, na jua likishazama mifupa inaanza kulia.

Kuna jambo moja linalochanganya hata wahudumu. TB yenyewe hutoa jasho la usiku na uchovu, kwa hiyo ni rahisi mtu akaambiwa "hiyo ni TB, vumilia". Zitofautishe kwa dalili ambazo TB haina: miayo isiyokwisha, makamasi mepesi na machozi bila mafua, vinyweleo kusimama, tumbo kusokota na kuharisha. Ila njia nzuri kuliko zote ni macho. Jioni akianza kulalamika, mkae chini ya taa ya kawaida ya sebuleni umtazame mboni. Mtu aliyeshiba methadoni mboni zake ni ndogo. Aliye kwenye arosto mboni hutanuka hata kwenye mwanga. Andika saa dalili zilipoanza, kwa siku mbili tatu, pamoja na tarehe aliyomeza kidonge cha kwanza cha TB. Karatasi hiyo ina uzito kituoni kuliko maneno "dawa hainishiki", ambayo wahudumu huyasikia kila siku kutoka kwa watu wenye sababu za kila aina.

Sasa tuje kwenye siku nne alizokosa, maana hapo ndipo hatari ya kesho ilipo.

Mwili unaozoea dawa za jamii ya heroini hujenga ustahimilivu, na ustahimilivu huo huanza kuporomoka ndani ya siku chache tu bila dozi. Kinachoporomoka kwanza na kwa hatari zaidi ni uwezo wa ubongo kuendelea kuamrisha pumzi wakati dawa imepanda. Mdogo wako ana tatizo juu ya tatizo, kwa sababu kwa wiki kadhaa rifampisini ilishaupunguzia mwili wake methadoni, kisha zikaja siku nne bila kitu chochote kutoka kituoni. Kete aliyotumia hatuwezi kuihesabu kama mbadala. Hakuna anayejua ilikuwa na heroini kiasi gani na ilichanganywa na nini.

Kwa hiyo vituo vina kanuni, na ingawa zinatofautiana kidogo kati ya mwongozo mmoja na mwingine, msingi wake ni mmoja. Aliyekosa siku moja au mbili kwa kawaida hupewa dozi yake ileile, ilimradi amefika akiwa timamu, hajalewa. Akifika siku tatu au nne, anaonwa kwanza na daktari, na mara nyingi huanza tena na kama nusu ya dozi, kisha hupandishwa kwa hatua akiwa anaangaliwa. Zikizidi hapo, tano na kuendelea, anatendewa kama mgeni, yaani anaanzia chini, miligramu 20 au 30 hivi, wengine chini ya hapo. Mdogo wako basi ategemee kitu kama 45 kesho. Hilo litamuudhi sana, kwa sababu kama 90 ilikuwa haifiki usiku, 45 itaishia mapema zaidi.

Naomba unielewe kwa nini hatuharakishi. Rudi kwenye hesabu yetu. Mtu anayeanza upya kwa 30, mwili wake ukitoa nusu kwa siku, kesho yake akinywa tena 30 anakuwa na 45 mwilini, siku ya tatu ana zaidi ya 52, na inaendelea kukaribia 60. Hakuongezewa hata tone, lakini mwilini imekaribia mara mbili. Methadoni hujilimbikiza, na ndiyo maana vifo vya wanaoanza au wanaorudi hutokea mara nyingi siku ya tatu, ya nne au ya tano, mara nyingi mtu akiwa kitandani usiku, wakati kila mtu nyumbani ameshapumua kwamba sasa ametulia. Heroini ikizidi hujionyesha ndani ya dakika. Methadoni hufika kileleni saa mbili hadi nne baada ya kunywa, na kukandamiza kwake pumzi kunadumu muda mrefu kuliko ule utulivu anaouhisi mwenyewe. Hapo ndipo mtu hukosea. Anahisi imeisha, anaongeza kete au kidonge cha valiamu juu yake, na mwili unakuta vitu viwili vinaubana pumzi kwa pamoja.

Kwa hiyo kesho mdogo wako aseme ukweli wote dirishani: siku ngapi amekosa, kete ngapi na lini ya mwisho, kama amejidunga au amevuta, kama amekunywa pombe au vidonge vya kulala, na kama vidonge vya TB amevimeza siku zote hizo nne. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ni muhimu. Kama aliacha na vya TB, ini linaanza kurudi polepole kwenye mwendo wake wa zamani na hesabu inabadilika. Anaogopa kwamba akitaja kete atafukuzwa. Kwa kawaida hafukuzwi, atapangiwa dozi salama na pengine mazungumzo na mshauri. Anayeficha ndiye anayepimiwa dozi ya mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hakutumia kitu.

Wiki hiyo ya kurudi, asilale peke yake. Nakuambia cha kuangalia, kwa sababu wengi wanakitazama na wanakipita. Mkoromo mzito usio wa kawaida yake, wenye sauti ya kugugumia kama mtu aliyejaa makohozi, kwa mtu anayetumia methadoni si usingizi mtamu. Mwamshe kwa nguvu, msugue kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, au akivuta pumzi chini ya mara kumi kwa dakika, au midomo na kucha zikigeuka rangi ya kijivu au samawati, huyo amezidiwa. Mwinue kidevu njia ya hewa ifunguke, mpulizie pumzi mdomoni kama hapumui, na kama anapumua mlaze ubavu. Mtu mwingine atafute usafiri hapohapo. Usimpe maziwa, usimmwagie maji ya baridi, usimdunge maji ya chumvi. Hospitalini kuna sindano ya naloksoni inayomrudisha ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na methadoni bado iko mwilini kwa siku nzima na zaidi. Ameamka, anawatukana, anataka kwenda nyumbani: asiondoke. Anaweza kuzama tena njiani kwenye bajaji.

Akishatulia kwenye ratiba, ndipo linakuja suala la kumpandisha. Daktari wa kituo, akishathibitisha kwamba ni rifampisini, kwa kawaida humwongezea miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku chache, akitazama dalili zake mwenyewe na si tarakimu iliyopangwa. Wengine hutulia kwa nyongeza ndogo, wengine huhitaji nusu ya dozi yao ya zamani juu yake au zaidi. Tuseme mdogo wako atafika 140. Ukiingiza 140 kwenye mwili unaotoa nusu kila saa 12, kilele chake ni kama 187, karibu sawa na ile 180 aliyokuwa nayo kabla ya TB. Vizuri. Lakini alfajiri ataamka na 47, na zamani aliamka na 90. Yaani tumempandisha sana na bado usiku wake hautakuwa kama wa zamani. Ukiigawa ileile 140 mara mbili, 70 asubuhi na 70 jioni, kilele kinashuka hadi 140 na chini kabisa anabaki na 70. Anakuwa salama zaidi mchana na mateso ya usiku yanapungua, bila kuongeza miligramu hata moja.

Kugawa dozi ni jawabu zuri kitabibu na gumu kiutendaji, kwa sababu vituo vyetu vimejengwa juu ya kunywa mara moja kwa siku, asubuhi, mbele ya mfamasia. Tangu kliniki ya Muhimbili ilipofungua mlango Februari 2011, huo ndio umekuwa utaratibu, na una sababu zake: chupa inayokwenda nyumbani inaweza kuuzwa, na inaweza kunywewa na mtoto. Mtu mzima asiyezoea anaweza kufa kwa dozi ambayo mdogo wako haihisi hata kidogo. Lakini ulizeni. Penye mgonjwa wa TB aliyethibitishwa na ndugu wa kuaminika anayeweza kushika dozi ya jioni kwenye sanduku la kufuli, daktari ana la kufikiria. Jitolee wewe kuwa ndugu huyo, uende naye ukaonekane kwa macho.

Wakimvusha 100, msishangae wakitaka apimwe umeme wa moyo. Methadoni kwa dozi kubwa inaweza kurefusha muda ambao moyo unatumia kujiandaa kwa pigo linalofuata, na kwa watu wachache hilo huleta mapigo ya ovyo yanayoweza kuua ghafla. Akiwahi kuzimia bila sababu, au moyo ukimwenda mbio na kizunguzungu, aseme siku hiyohiyo.

Hapa nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa sababu najua mgonjwa wa TB anayekohoa ataishia duka la dawa la mtaani mara kwa mara. Kuna vitu viwili vya kuogopa pale. Kwanza ni vya kulewesha na kulaza: valiamu na jamaa zake, tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodeini. Hivi huungana na methadoni kukandamiza pumzi, na vifo vingi vinavyoitwa vya methadoni ni vya methadoni pamoja na kimojawapo, au pamoja na pombe. Pili ni baadhi ya dawa za kawaida kabisa zinazofanya kinyume cha rifampisini. Flukonazoli ya fangasi na siprofloksasini ya tumbo au mkojo huweza kulipunguza kasi ini, methadoni ikapanda bila mtu kuongezewa dozi, na zote mbili pia haziupendi huo mdundo wa moyo. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini ziko upande wa rifampisini, zinaishusha methadoni. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote aseme neno moja tu kwa muuzaji: "natumia methadoni." Asiposema, muuzaji hana njia ya kujua.

Hukutaja VVU. Iwapo mtu yuko kwenye ARV, nevirapini na efavirenzi za miaka ya nyuma zilikuwa zinaishusha methadoni vibaya, na walioanza nazo tuliwaona wakirudi na malalamiko haya haya ya mdogo wako. Dolutegraviri inayotumika sasa haina ugomvi huo na methadoni. Ila rifampisini inaishusha dolutegraviri yenyewe, kwa hiyo wanaotibiwa TB hupewa dolutegraviri mara mbili kwa siku. Kliniki ya VVU, yaani CTC, kliniki ya TB na kituo cha methadoni inabidi kila mmoja aone kadi za wenzake. Usitegemee wataambiana. Beba kadi zote.

Sasa shemeji wa Mombasa. Buprenofini ni dawa nzuri, na katika jambo moja inaizidi methadoni: nguvu yake ya kukandamiza pumzi ikifika mahali hugota, haiendelei kupanda hata dozi ikiongezwa, kwa hiyo ikitumiwa peke yake si rahisi imuue mtu mzima aliyezoea dawa za jamii hii. Ikichanganywa na pombe au valiamu, ulinzi huo unapungua sana. Lakini kwa tatizo la mdogo wako haisaidii, kwa sababu rifampisini huivunja nayo, na kwa kiasi kikubwa. Atabaki na arosto ileile kwa jina jingine. Ipo dawa ya TB ya jamii hiyohiyo, rifabutini, ambayo hailiamshi ini kwa ukali huo. Pale inapopatikana, daktari wa TB anaweza kuizingatia, lakini haimo kwenye vidonge vya mchanganyiko vinavyotolewa kwa wote.

Na kuhama kutoka methadoni kwenda buprenofini si sawa na kubadilisha panado. Buprenofini hushika kwa nguvu sana zile sehemu za ubongo ambazo methadoni imekaa, inaisukuma nje, kisha yenyewe inafanya kazi nusu. Mtu mwenye 90 za methadoni mwilini akiweka kidonge chake chini ya ulimi, ndani ya saa moja anaweza kutupwa kwenye arosto ya ghafla mbaya kuliko yoyote aliyowahi kuipata: kutapika, kuharisha, kujikunja sakafuni. Njia ya kawaida ni kushushwa kwanza taratibu hadi miligramu 30 au chini ya hapo, kisha kukaa siku moja hadi tatu bila methadoni mpaka arosto ianze yenyewe, ndipo anapewa kidogo, miligramu 2 hadi 4, na kupandishwa. Kumshusha kutoka 90 hadi 30 katikati ya matibabu ya TB, wakati tayari hajashiba, ni kumrudisha maskani kwa mkono wako. Kwa hiyo akisikia rafiki ana kidonge cha akiba, asikiguse.

Swali lako la kuacha TB kwanza nimelijibu juu, lakini nikupe sababu, maana yeye mwenyewe atakuuliza. Akiacha, ini halirudi kesho. Huchukua kama wiki mbili. Kwa hiyo hatapata nafuu anayoitafuta, atakaa wiki mbili na arosto ileile huku bakteria wa TB wakipata nafasi ya kuwa sugu. TB sugu inatibiwa kwa dawa nyingine, ambazo baadhi, kama bedakwilini na moksifloksasini, zinagusa uleule mdundo wa moyo nilioutaja. Atakuwa ameukimbia ugomvi mdogo wa dawa mbili na kuangukia mkubwa.

Lipo jambo moja ambalo hukuliuliza na karibu hakuna anayeliuliza, kwa sababu linakuja wakati kila mtu amefurahi. Matibabu ya kawaida ya TB ni miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya rifampisini na isoniazidi. Siku atakapomeza kidonge cha mwisho, makohozi safi, uzito umerudi, ini nalo litaanza kulala tena, kidogo kidogo, kwa muda wa wiki mbili hivi. Methadoni yake itakuwa bado 140. Mwili unaotoa nusu kila saa 12 ukirudi kwenye saa 24, kilele chake kinapanda kutoka 187 kuelekea 280, na hakuna aliyemwongezea kitu. Wiki ya kwanza ataonekana mchovu tu. Atasinzia kwenye kiti, sigara itamuungulia vidoleni, chakula kitakaa mdomoni hajatafuna. Kwa mwendesha bodaboda, hata kusinzia huko kunatosha.

Kwa hiyo kituo kinatakiwa kuanza kumshusha ndani ya siku chache tangu kidonge cha mwisho cha TB, kwa hatua ndogo za 10 hivi, akionwa mara kwa mara katika wiki mbili tatu hizo, mpaka arudi karibu na dozi yake ya zamani. Hali ni hiyohiyo akiacha vidonge kabla ya wakati kwa siri, na hapo ni mbaya zaidi, kwa sababu dirishani hawana habari na wataendelea kumpimia 140 kila asubuhi. Mwombe muuguzi wa TB akuandikie tarehe inayotarajiwa ya kumaliza. Iandike kwa kalamu juu ya kadi ya methadoni, na wiki moja kabla ya tarehe hiyo nenda naye kituoni ukawaonyeshe.